Kusoma Hatidata ya Kidhibiti Volti: Viwango vya Ukomo, Mpangilio wa Pini na Saketi ya Mfano katika LM7805

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kusoma sehemu tatu za hatidata ya kijenzi cha elektroniki, yaani viwango vya ukomo, mpangilio wa pini na saketi ya mfano wa matumizi. Mfano uliochaguliwa ni kidhibiti volti LM7805, ambacho hutoa volti 5. Hoja inayotetewa ni kwamba sehemu hizo tatu hazijitegemei. Namba iliyomo katika jedwali la ukomo hupata maana pale tu inapounganishwa na umbo la kasha, na mchoro wa saketi ya mfano huonyesha kile tu ambacho mtengenezaji hakuweza kukiacha. Ili kuithibitisha hoja hiyo, makala yanachambua ugavi wa umeme wa kinasa data kinachotumia betri ya sola ya volti 12. Uchambuzi unaonyesha jinsi saketi isiyovuka ukomo wowote wa volti wala wa mkondo inavyoweza kuzimika kila mchana na kufanya kazi vizuri kila usiku.

1.0 Utangulizi

Hatidata, ambayo mafundi wengi huiita datashiti, ni waraka ambao mtengenezaji huutoa kueleza tabia ya kijenzi chake. Mwanafunzi anayejenga saketi kwa ajili ya utafiti huifungua mara nyingi akiwa na swali moja kichwani: je, kijenzi hiki kitastahimili volti nilizo nazo? Hutazama jedwali la kwanza, akakuta namba iliyo kubwa kuliko volti zake, akaridhika. Kisha hutafuta mchoro wa pini, akaunakili mchoro wa saketi ya mfano, na kazi ya kusoma ikaishia hapo.

Usomaji wa namna hiyo una tatizo linalowahusu moja kwa moja watahini na watafiti. Kijenzi kilichochaguliwa vibaya hakifi kila mara. Pengine hufanya kazi kwa muda, kikasita, kisha kikarejea. Ikiwa kijenzi hicho ndicho kinachokilisha umeme chombo cha kupimia, athari yake haitaonekana kama moshi au harufu ya kuungua. Itaonekana kama mapengo katika data, na mapengo hayo hayatakuwa ya kubahatisha. Yatafuata jotoridi la mchana, na hivyo yataweza kudhaniwa kuwa sehemu ya jambo linalopimwa.

LM7805 imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni kijenzi kilichozoeleka katika maabara za kufundishia na katika maduka ya vipuri. Pili, hatidata yake ni fupi kiasi cha kuweza kufuatwa yote. Namba zitakazotumika hapa ni zile za LM7805 ya Fairchild, kampuni iliyonunuliwa na ON Semiconductor mwaka 2016, katika kasha la TO-220. Watengenezaji wengine wa 7805 hutofautiana kidogo katika baadhi ya namba. Kwa hiyo kanuni ya mwanzo ni kusoma hatidata ya mtengenezaji ambaye alama yake imechapwa juu ya kijenzi chenyewe.

2.0 Viwango vya ukomo

2.1 Jedwali linasema nini

Jedwali la viwango vya ukomo la LM7805 lina mistari michache tu. Volti ya kuingia haipaswi kuzidi 35. Jotoridi la kufanyia kazi halipaswi kuzidi nyuzi 125 za Selsiasi, na jotoridi la kuhifadhia ni kuanzia nyuzi -65 hadi 150. Humo pia mna namba mbili za ukinzani wa joto: nyuzi 5 kwa kila wati kutoka kiini cha silikoni hadi kasha, na nyuzi 65 kwa kila wati kutoka kiini hadi hewa inayokizunguka kijenzi kisichofungwa hitisinki.

Neno la kuzingatiwa ni ukomo. Namba ya volti 35 haielezi mahali ambapo kijenzi kinafanya kazi ipasavyo, bali mahali ambapo madhara yanaweza kuanza. Masharti ya kazi halisi yamo katika jedwali jingine, lile la tabia za kiumeme. Humo mtengenezaji anaahidi kwamba volti ya kutoka itakuwa kati ya 4.75 na 5.25. Ahadi hiyo inafungwa na masharti matatu yaliyoandikwa kwa herufi ndogo pembeni: mkondo uwe kati ya miliampea 5 na ampea 1, volti ya kuingia iwe kati ya 7 na 20, na nguvu isizidi wati 15. Mtu anayeingiza volti 30 hajavuka ukomo, lakini ametoka nje ya ahadi. Kijenzi huenda kisiharibike, ila hakuna tena anayewajibika kwa usahihi wa volti 5 anazozipata.

2.2 Viwango havijumlishwi

Kosa la pili katika kulisoma jedwali hili ni kuchukua ukomo wa mistari miwili na kuutumia kwa pamoja. Kila mstari wa ukomo husimama peke yake. Volti 35 zinaruhusiwa, na ampea 1 imo katika masharti ya kazi, lakini haviruhusiwi kukutana. Kidhibiti cha aina hii hupunguza volti kwa kuigeuza tofauti iliyopo kuwa joto. Tofauti ya volti 30 ikizidishwa kwa ampea 1 hutoa wati 30, yaani mara mbili ya nguvu ambayo masharti ya jedwali la kiumeme yanaitaja.

Hatidata yenyewe ina ushahidi wa jambo hili kwa anayeisoma hadi mistari ya mwisho. Mkondo wa kilele unaotajwa ni ampea 2.2. Hata hivyo, mkondo wa pale pini ya kutolea inapogusana na ardhi huku volti ya kuingia ikiwa 35 ni miliampea 230 tu. Namba hizo mbili zinaonekana kupingana, lakini hazipingani. Ndani ya kijenzi mna ulinzi unaopima tofauti ya volti iliyopo juu ya transista kuu na kuubana mkondo kadiri tofauti hiyo inavyokua. Kwa maneno mengine, kijenzi chenyewe hukataa kubeba volti nyingi na mkondo mwingi kwa wakati mmoja.

2.3 Maelezo ya chini ya jedwali

Chini ya jedwali la tabia za kiumeme kuna maelezo mafupi ambayo ni rahisi kuyaruka. Yanasema kwamba uthabiti wa volti umepimwa jotoridi la kiini likiwa halibadiliki, kwamba vipimo vilichukuliwa kwa mapigo mafupi ya mkondo, na kwamba mabadiliko yatokanayo na kupata joto yanapaswa kuhesabiwa kando.

Maana yake ni nzito. Wakati wa kipimo, kijenzi kilipewa mkondo kwa muda mfupi mno kiasi kwamba hakikuwahi kupata joto. Saketi ya mtafiti, kinyume chake, hufanya kazi saa nzima. Namba nzuri za jedwali ni za kijenzi kilichopoa, na mtengenezaji amekwisha kumkabidhi msomaji jukumu la kukiweka katika hali hiyo. Jukumu hilo ndilo linalofanya namba mbili za ukinzani wa joto kuwa na uzito kuliko volti 35.

3.0 Mpangilio wa pini

3.1 Upande wa kutazamia

Katika kasha la TO-220, ukikishika kijenzi kwa namna ambayo maandishi yanakutazama na miguu imeelekea chini, pini ya 1 upande wa kushoto ni ya kuingizia, ya 2 katikati ni ardhi, na ya 3 upande wa kulia ni ya kutolea. Maelezo haya yana sehemu mbili: namba za pini, na mahali anaposimama mtazamaji. Mchoro wa pini usiotajiwa upande wa kutazamia haujakamilika.

Umuhimu wa sehemu hiyo ya pili huonekana katika ndugu mdogo wa kijenzi hiki, 78L05, ambacho hubeba hadi miliampea 100 na hupatikana katika kasha dogo la plastiki la TO-92. Ukilitazama kasha hilo kwa upande wake bapa, miguu ikiwa chini, pini ya kushoto ni ya kutolea, ya katikati ni ardhi, na ya kulia ni ya kuingizia. Mpangilio umegeuka. Zaidi ya hayo, baadhi ya hatidata huchora kasha la TO-92 likitazamwa kutoka chini, upande wa miguu. Msomaji asiyeliona neno hilo dogo chini ya mchoro hugeuza pini mara moja zaidi bila kujua.

Ardhi inapokuwa katikati katika makasha yote mawili, kosa la kugeuza halisababishi mgusano wa moja kwa moja kati ya betri na ardhi, na fyuzi huenda isikatike. Betri huungwa kwenye pini ya kutolea, na mkondo waweza kupita kinyume ndani ya kijenzi hadi kwenye mzigo bila kudhibitiwa. Ndiyo maana kidhibiti kipya hupimwa kwa multimita kabla mzigo haujaungwa. Kipimo hicho hufanyika kikiwa na kipingamkondo kidogo cha kuvuta miliampea chache, kwa kuwa ahadi ya jedwali huanzia miliampea 5. Kipingamkondo cha omu 470 huvuta miliampea 10 hivi, na kinatosha.

3.2 Ulimi wa chuma ni pini ya nne

Kasha la TO-220 lina ulimi wa chuma wenye tundu la skrubu. Katika hatidata, ulimi huo huelezwa kwa neno moja tu kando ya mchoro, lakini neno hilo ndilo linaloamua namna ya kufunga hitisinki. Kwa 7805, ulimi umeungana na ardhi. Unaweza kufungwa moja kwa moja kwenye sanduku la chuma lililoungwa na upande hasi wa betri.

Hali si hiyo kwa vijenzi vyenye umbo lile lile. Katika 7905, ambacho hutoa volti -5, pini ya 1 ni ardhi, ya 2 ni ya kuingizia na ya 3 ni ya kutolea, na ulimi umeungana na pini ya kuingizia. Katika LM317, pini ya 1 ni ya kurekebishia, ya 2 ni ya kutolea na ya 3 ni ya kuingizia, na ulimi umeungana na pini ya kutolea. Kukifunga chochote kati ya hivyo viwili kwenye sanduku lenye ardhi bila karatasi ya mika na bushi ya plastiki ni kuunganisha volti na ardhi kwa skrubu. Hapa mpangilio wa pini unakutana na suala la joto, kwa sababu karatasi ya mika, pamoja na kuzuia umeme, huzuia pia kiasi fulani cha joto.

4.0 Saketi ya mfano

Saketi ya mfano ya LM7805 ina kijenzi chenyewe na kapasita mbili tu. Ya kwanza, ya mikrofaradi 0.33, imewekwa kati ya pini ya kuingizia na ardhi. Ya pili, ya mikrofaradi 0.1, imewekwa kati ya pini ya kutolea na ardhi. Chini ya mchoro kuna maelezo kwamba ya kwanza inahitajika iwapo kidhibiti kiko mbali na kapasita za kuchujia za ugavi, na kwamba ya pili huboresha mwitikio wakati mzigo unapobadilika ghafla.

Maelezo hayo mawili yana nguvu tofauti. Moja ni sharti lenye hali yake, na jingine ni uboreshaji. Katika kinasa data ambacho betri iko mita kadhaa kutoka kwenye bodi, sharti limetimia, na kapasita ya mikrofaradi 0.33 si ya hiari tena. Inapaswa kuwekwa karibu kabisa na miguu ya kidhibiti, kwa sababu kuiweka upande wa betri ni sawa na kutoiweka.

Kapasita iliyochorwa mahali pale pale katika hatidata nyingine yaweza kuwa na kazi nyingine kabisa. Kwa LM1117, kidhibiti kinachohitaji tofauti ndogo zaidi ya volti, kapasita ya upande wa kutolea ni sehemu ya uthabiti wa kijenzi. Hatidata yake hutaka kapasita ya tantali ya angalau mikrofaradi 10, na hutaka ukinzani wa ndani wa kapasita uwe kati ya omu 0.3 na omu 22. Kapasita ya kauri ya mikrofaradi 10 ina ukinzani wa ndani ulio chini sana ya omu 0.3. Anayeiweka akidhani ameboresha saketi anaweza kupata kidhibiti kinachotetema. Kwa hiyo mchoro peke yake hautoshi, na aya iliyo chini yake husomwa kama sehemu ya mchoro.

Yapo pia yasiyochorwa. Saketi ya mfano haina fyuzi, haina diodi ya kuzuia betri iliyogeuzwa, haina kinga dhidi ya mipanda ya ghafla ya volti, na haionyeshi hitisinki. Kutoonekana kwa vitu hivyo hakuna maana kwamba havihitajiki. Mtengenezaji amechora saketi aliyopimia, mezani, kwa ugavi safi. Kwa kinasa data kilichoungwa kwenye betri inayochajiwa na sola, fyuzi na diodi ni juu ya mbunifu.

5.0 Kisa cha kinasa data

5.1 Masharti

Tuchukue kinasa data kinachopima kina cha maji kisimani na kutuma vipimo kwa modemu. Bodi, vihisi na modemu kwa pamoja huvuta wastani wa ampea 0.4 kwa volti 5. Ugavi ni betri ya volti 12 inayochajiwa na paneli ya sola. Mchana, chaji inapokuwa juu, volti ya betri hufika 14.4, na ndani ya sanduku lililofungwa hewa hufika nyuzi 55. Usiku volti hushuka hadi 12.2 na hewa hupoa hadi nyuzi 25.

Kwa kutazama jedwali la ukomo peke yake, kila kitu ni salama. Volti 14.4 ziko chini ya 35, na hata chini ya 20. Ampea 0.4 ni chini ya nusu ya ampea 1.

5.2 Hesabu ya joto

Nguvu inayogeuka joto ni tofauti ya volti mara mkondo, pamoja na kiasi kidogo kinachotumiwa na kidhibiti chenyewe, ambacho hatidata hukitaja kuwa miliampea 5 kwa kawaida. Jotoridi la kiini hupatikana kwa kuongeza joto hilo juu ya jotoridi la hewa:

```
PD = (VI - VO) × IO + VI × IQ
TJ = TA + PD × Rθ
```

Kwa mchana, nguvu ni (14.4 - 5) × 0.4, yaani wati 3.76, na ukijumlisha wati 0.07 za kidhibiti chenyewe unapata wati 3.83. Bila hitisinki, ukinzani wa joto ni nyuzi 65 kwa wati. Ongezeko la jotoridi ni 3.83 × 65, karibu nyuzi 249. Kiini kisingefika huko, kwa kuwa ulinzi wa ndani ungekizima kijenzi mapema. Ila namba hiyo yatosha kuonyesha kwamba saketi ya mfano, ikinakiliwa kama ilivyochorwa, haiwezi kufanya kazi hii.

Sasa tuchukulie fundi amefunga hitisinki ndogo yenye ukinzani wa nyuzi 20 kwa wati. Njia ya joto sasa ina hatua tatu: nyuzi 5 kutoka kiini hadi kasha, takriban nyuzi 1 kutoka kasha hadi hitisinki kupitia mafuta ya kupitishia joto, na nyuzi 20 kutoka hitisinki hadi hewani. Jumla ni 26. Usiku nguvu ni wati 2.94, na kiini hufika 25 + 2.94 × 26, yaani karibu nyuzi 101. Hiyo ni chini ya 125, na saketi hufanya kazi sawasawa. Mchana kiini kingefika 55 + 3.83 × 26, yaani karibu nyuzi 155. Hiyo ni nyuzi 30 juu ya kiwango cha kufanyia kazi, katika eneo ambalo ulinzi wa joto hutarajiwa kuingilia.

Hapa ndipo kiini cha tatizo. Fundi aliyeijaribu saketi jioni, au mezani maabara penye hewa ya kutosha, ameiona ikifanya kazi. Kinasa data kikifungwa kisimani kitatuma vipimo vyote vya usiku na kupoteza vile vya adhuhuri. Mtafiti anayechunguza jinsi kina cha maji kinavyoshuka wakati wa mchana watu wanapochota atakosa data kwa saa zile zile anazozihitaji. Na kama programu yake hujaza mapengo kwa kuunganisha kipimo cha mwisho na kinachofuata, atapata mstari laini usio na mshuko wowote.

5.3 Kuchagua hitisinki

Hesabu ile ile hufanywa kinyume ili kupata hitisinki inayofaa. Nafasi iliyopo ni kutoka nyuzi 55 za hewa hadi nyuzi 125 za kiini, yaani nyuzi 70. Zikigawanywa kwa wati 3.83 zinatoa nyuzi 18.3 kwa wati kwa njia nzima. Ukiondoa 5 za ndani ya kasha na 1 ya mafuta, zinabaki 12.3. Hitisinki yoyote yenye ukinzani mdogo kuliko huo inatosha kwa hesabu. Ikichaguliwa ya nyuzi 10 kwa wati, kiini hufika 55 + 3.83 × 16, karibu nyuzi 116, na pana nafasi ya nyuzi 9.

Nafasi hiyo si kubwa. Namba ya hitisinki hutolewa kwa kawaida ikiwa imesimama wima katika hewa huru, na ndani ya sanduku hewa si huru. Kwa kuwa ulimi wa 7805 ni ardhi, kuufunga kwenye ukuta wa chuma wa sanduku lenyewe huipatia joto njia ya kutoka nje bila kuhitaji karatasi ya mika. Uwezekano huo umetoka katika mchoro wa pini, si katika jedwali la joto. Ikiwa sanduku ni la plastiki, uamuzi wa busara zaidi ni kuachana na kidhibiti cha aina hii na kutumia kibadilishi cha kukata na kuunga, ambacho hakigeuzi tofauti yote ya volti kuwa joto. Hesabu ya hatidata imekwisha kutoa sababu: kati ya wati 5.8 zinazotoka kwenye betri, ni wati 2 tu zinazofika kwenye mzigo.

5.4 Namna ya kuthibitisha

Hesabu inathibitishwa kwa kipimajoto na osiloskopu. Kiini hakiguswi, lakini ulimi wa chuma unapimika. Jotoridi la kiini ni lile la ulimi kuongeza nguvu mara 5. Kwa wati 3.83, ongezeko hilo ni nyuzi 19. Hivyo ulimi ukifika nyuzi 106, kiini kimefika 125. Kipimo kifanyike sanduku likiwa limefungwa, juani, baada ya muda wa kutosha kwa jotoridi kutulia.

Osiloskopu husaidia kutenganisha makosa mawili yanayofanana kwenye multimita. Katika yote mawili, multimita yaweza kuonyesha volti 4 na kitu, kwa sababu huonyesha wastani. Ulinzi wa joto ukiwa ndio unaofanya kazi, volti ya kutoka huporomoka, hukaa chini kwa muda, kisha hupanda tena, na mzunguko huo ni wa polepole kwa kuwa unafuata kupoa kwa chuma. Kidhibiti kikitetema kwa kukosa kapasita karibu na pini ya kuingizia, mawimbi ni ya kasi kubwa na huwapo hata kijenzi kikiwa baridi. Kosa la kwanza huponywa kwa hitisinki, la pili kwa kapasita, na dawa ya moja haitibu jingine.

6.0 Hitimisho

Uchambuzi wa LM7805 umeonyesha kwamba ukomo wa volti ya kuingia katika jedwali la ukomo, volti 35, haukuwa na uamuzi wowote katika kisa kilichochunguzwa. Kilichoamua ni ukinzani wa joto, ambao husomwa pamoja na maelezo ya chini ya jedwali, muunganiko wa ulimi wa chuma, na kile ambacho saketi ya mfano haikukichora. Mipaka ya uchambuzi huu ni kwamba umeshika mkondo wa wastani. Modemu huvuta mkondo kwa vilele, na mbunifu anapaswa kuhakikisha pia kwamba vilele hivyo havipiti uwezo wa kidhibiti na kwamba betri inaposhuka volti ya kuingia haiendi chini ya 7.

Kwa tasnifu zinazotegemea vyombo vilivyojengwa na mtafiti mwenyewe, inapendekezwa kwamba sura ya mbinu iwe na mistari minne kwa kila kidhibiti: jina la mtengenezaji na kasha, volti na mkondo wa hali mbaya kuliko zote, jotoridi la kiini lililohesabiwa, na jotoridi la ulimi lililopimwa uwandani. Mtahini akiwa na mistari hiyo minne ataweza kujua iwapo pengo la data la adhuhuri ni habari ya kisima au ni habari ya kidhibiti.